Mahali Sambusa Inapofungukia

Sambusa haifunguki ovyo. Ina milango mitatu tu ya kufungukia, nayo ni ncha, mdomo na tumbo, na kila mlango una sababu yake. Mpishi anayeitoa sambusa iliyopasuka ndani ya karai, akaitupa pembeni kwa hasira na kuendelea na nyingine, ameitupa pamoja na jawabu la swali linalomsumbua. Aiweke kwanza kwenye sahani, aitazame imefungukia wapi, ndipo atakapojua kama kosa lilikuwa katika nyama, katika manda, katika mkunjo au katika moto.

Jambo hili nimelijua kwa miaka mingi ya kupika, lakini sikuwahi kulieleza kwa maneno mpaka pale wifi yangu, mke wa marehemu kaka yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipohitaji kulielewa upesi. Alikuwa ametoka eda, miezi 4 na siku 10, akiwa na watoto watatu wa kuwalea pale Ngamiani, Tanga. Ramadhani ilipoingia, mwenye duka mmoja jirani na msikiti akakubali kuchukua kwake sambusa 40 kila siku baada ya Alasiri, kwa sharti moja, kwamba zisiwe zimefunguka na zisilowanishe karatasi. Siku ya tatu mwenye duka akamwambia kwa upole, "Dada, wateja wananirudishia. Nakupa mpaka Ijumaa." Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Nilipofika kwake usiku ule baada ya tarawehe, alikuwa amekwishazihesabu. Katika sambusa 48 alizokaanga, 14 zilikuwa zimefunguka. "Wifi, tatizo ni mafuta ya siku hizi," akaniambia. Nikamwomba azilete zile 14 tuzipange mezani. Saba zilikuwa zimefungukia mdomoni, 4 kwenye ncha, na 3 zimepasuka tumbo. Hapo tukajua kwamba hatuna tatizo moja la mafuta, bali tuna matatizo matatu, na kila moja lina dawa yake.

Kabla ya kuingia katika dawa hizo, ni vyema msomaji aelewe kinachotokea ndani ya karai. Sambusa ikitumbukizwa katika mafuta ya moto, maji yaliyomo ndani ya manda na ndani ya nyama hugeuka mvuke. Mvuke unataka nafasi kubwa kuliko maji, kwa hiyo unasukuma kwenda nje. Zile povu tunazoziona zikichemka kuzunguka sambusa ni mvuke huo unaotoka. Ukiwa mchache, hupenya taratibu katika manda na kuikausha iwe kavu na yenye kukatika mdomoni. Ukiwa mwingi, hutafuta mahali palipo dhaifu, ukapafungua. Na ukishapafungua, nyama humwagika, chembe zake huungua chini ya karai, mafuta huwa meusi na machungu, na hata sambusa zilizofungwa vizuri zinazofuata hutoka na madoa na harufu ya kuungua. Ndiyo maana sambusa chache zinazofunguka huwaharibia jina wenzao wote.

Basi kazi ya kwanza ni kupunguza maji ndani ya nyama. Wifi yangu alikuwa akiipika nyama ya kusaga, hiyo ambayo watu wa pwani tunaiita kima, kwa kuitia maji kidogo "isishike chini". Nyama haihitaji maji ya kuongezwa, kwani yake yenyewe yanatosha. Kilo moja ya nyama ya kusaga isiyo na mafuta mengi iwekwe katika sufuria pana pamoja na kitunguu saumu na tangawizi vilivyopondwa, chumvi, bizari nyembamba, pilipili manga na maji ya nusu ndimu. Ikoroge tangu mwanzo ili isishikamane madonge, kwa sababu donge gumu la nyama ndani ya sambusa huisukuma manda na kuitoboa. Nyama itatoa maji yake, itachemka ndani ya maji hayo, kisha yatakauka, na sauti itabadilika. Mpishi msikivu huujua wakati huo bila kutazama, maana mchemko wa maji una sauti nzito ya kububujika, lakini maji yakiisha sufuria huanza kulia kama kitu kinachokaangwa.

Hata hivyo, sikio linaweza kudanganywa na kelele za jirani. Kipimo ambacho hakidanganyi ni hiki. Sogeza nyama yote upande mmoja wa sufuria, uinamishe sufuria upande wa pili kwa kadiri ya dakika moja, kisha tazama kilichoteremka. Kikiteremka kitu cha rangi ya maziwa au chekundu, hayo ni maji, rudisha jikoni. Kikiteremka kitu kinachong'aa na kupitisha nuru, hayo ni mafuta ya nyama, yachote kwa kijiko uyatoe. Mafuta hayo yakibaki huganda nyama inapopoa, mtu akadhani yamekwisha, kumbe yakirudi motoni huyeyuka tena, yakapenya katika manda kutoka ndani. Sambusa ya namna hiyo huwa na mafuta hata kama imekaangwa kwa ustadi, na watu hulaumu karai bure.

Nyama ikishakauka, imwagwe kwenye sinia na kutandazwa ipoe kabisa. Nyama ya moto ikitiwa ndani ya manda huifukiza, manda ikalainika kama karatasi iliyonyeshewa.

Vitunguu maji ndivyo vyenye hila kubwa zaidi. Kilo moja ya nyama hupokea vizuri nusu kilo ya vitunguu vilivyokatwa vidogo sana. Huko kwetu hatuviungi pamoja na nyama. Tunavitia vibichi, ili viivie ndani ya sambusa na kubaki na mlio wake kidogo kinywani. Ni desturi nzuri, ila kitunguu kibichi kikikutana na chumvi hutoa maji, na kikikutana na nyama ya moto hutoa maji zaidi. Wifi yangu alikuwa akivichanganya vyote mara moja saa 8 mchana, na mpaka anapofika sambusa ya thelathini, chini ya bakuli palikuwa na mchuzi. Zile 3 zilizopasuka tumbo, kwa maelezo yake mwenyewe, zilikuwa za mwisho kufungwa. Dawa yake ni nyepesi. Vitunguu vikishakatwa vikamuliwe ndani ya kitambaa safi, viwekwe kando, kisha vichanganywe na nyama kwa mafungu, kila fungu la kutosha sambusa 10 au 12 tu, na fungu jingine lisichanganywe mpaka la kwanza liishe. Majani ya kotimiri nayo yaoshwe mapema na yakauke kabla ya kukatwa.

Wapo watakaouliza habari ya kuonja chumvi mchana wa Ramadhani. Wanachuoni wamemruhusu mpishi mwenye haja kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema pasipo kumeza. Lakini mwenye kupanga kazi yake vizuri hatafika huko. Nyama ipikwe usiku baada ya tarawehe, ionjwe kwa nafasi, ipoe, ilale katika jokofu. Asubuhi huwa kavu na nzito, na kuikunja ni rahisi kuliko nyama iliyopikwa siku ile ile. Vitunguu vingoje asubuhi.

Sasa tuje kwenye manda. Wengi hununua manda zilizo tayari, na si vibaya, lakini anayezitengeneza mwenyewe ana nafasi ya kuzifanya zimtii. Ni jambo la kale kufunga nyama ndani ya mkate mwembamba. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na baadaye akafika Delhi, aliandika juu ya chakula cha huko kilichotengenezwa kwa nyama iliyokatwakatwa na kupikwa kwa lozi, vitunguu na viungo, ikafungwa katika mkate mwembamba na kukaangwa kwa samli. Tazama alivyosema, mkate, si unga mbichi. Manda ni mkate uliokwisha kuguswa na moto kidogo kabla ya kukunjwa, na siri ya wepesi wake imo katika mguso huo. Unga uliokandwa ukitiwa mbichi katika mafuta huvimba na kuwa mnene, lakini manda iliyopita juu ya chuma huwa imekwisha kujishika, ikaweza kuwa nyembamba sana bila kuraruka.

Kwa sambusa 48 chukua nusu kilo ya unga mweupe wa ngano, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, vijiko viwili vya chakula vya mafuta, na maji robo lita na vijiko viwili vya chakula hivi. Usitie hamira wala kitu chochote cha kuumua, maana hutaki manda ipumue. Wala usiongeze mafuta kwa kudhani yataifanya iwe laini, kwani mafuta mengi hufanya unga ukatike kama biskuti, nao ukikunjwa hufanya ufa. Kanda mpaka unga uwe mgumu kidogo kuliko wa chapati, ufunike, uache upumzike nusu saa. Kisha ukate madonge 24, kila moja ukubwa wa ndimu ndogo.

Sukuma kila donge liwe na upana wa kisahani cha kikombe. Chukua moja, lipake mafuta kwa ncha za vidole mpaka ukingoni, linyunyizie unga mkavu kidogo, lifunike kwa la pili, ulipake na kulinyunyizia vivyo hivyo, mpaka yafike manne. La juu kabisa lisipakwe. Sasa sukuma yote manne kwa pamoja mpaka yazidi kidogo sahani ya upana wa sentimita 20. Ukingo usipopakwa mafuta, manda zitagandana hapo na kuraruka wakati wa kubanduliwa, na ukingo ulioraruka ndio utakaokuwa mdomo wa sambusa yako.

Weka rundo hilo juu ya chuma cha chapati kikavu, moto wa kadiri, nusu dakika au zaidi kidogo kila upande, ukiligeuza mara mbili au tatu mpaka tabaka zianze kuachana. Manda iliyoiva sawasawa hubaki nyeupe, imepoteza tu ule ubichi wa kung'aa, na huenda ikawa na vilengelenge viwili vitatu. Ikianza kupata madoa ya hudhurungi, imepita, itakatika kwenye mkunjo. Ibandue ingali moto, kwa sababu ikipoa hugandana tena. Weka sahani ya sentimita 20 juu yake, uzungushe kisu kuondoa ukingo mkavu, kata katikati upate nusu mbili, kisha zifunike zote kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu. Kitambaa kikidondosha maji zitashikana, na kikiwa kikavu kabisa zitapasuka. Fungua kitambaa kwa kutoa moja moja.

Kabla ya kukunja tengeneza gundi. Wifi yangu alikuwa na kikombe cha maji meupe yaliyotiwa unga kidogo, na kwa kikombe hicho tu nikajua habari ya zile 7 zilizofungukia mdomoni. Maji hayagundishi, huongeza mvuke. Gundi ya sambusa ni vijiko vitatu vya unga vinavyotiwa maji kidogo kidogo, matone kwa matone, mpaka iwe nzito kiasi cha kung'ang'ania kidole kinapoinuliwa, isidondoke. Unga huo mbichi ukipata moto wa mafuta huiva na kuwa mgumu, na hapo ndipo mshono unapofungwa kwa kweli. Kabla ya hapo umeshikwa tu.

Mkunjo wenyewe nitaueleza kama nilivyomweleza wifi, tukiwa tumekaa mkekani na sinia katikati yetu. Weka nusu ya manda mbele yako, ukingo ulionyooka uwe mbali nawe na ukingo wa mviringo uwe upande wako. Katikati ya ukingo ulionyooka ndipo patakapokuwa ncha. Igawe manda kwa macho katika theluthi tatu zinazokutana pale. Kunja theluthi ya kulia ilale juu ya ile ya katikati. Paka gundi juu yake, hasa kuelekea ncha na kando ya ukingo. Kisha kunja theluthi ya kushoto iifunike, ubonyeze. Umepata mfuko wa pembetatu, ambao upande mmoja una tabaka mbili zilizogandana.

Watu wengi hupita haraka pale kwenye ncha. Mikunjo miwili isipokutana mahali pamoja, hubaki tundu dogo ambalo jicho halilioni mezani. Inua mfuko, upanue mdomo wake, uelekeze ncha kwenye dirisha au taa, uchungulie ndani kama anayetazama kwa darubini. Ukiona nukta ya mwanga, hapo mafuta yataingia na nyama itatokea. Tone la gundi na mbano wa vidole viwili hulimaliza. Wifi alichungulia mfuko wake wa kwanza, akacheka. "Wifi, hili si tundu, hili ni dirisha." Baada ya mifuko kumi hivi hakuhitaji tena kuchungulia, mkono ulikwisha kujua pale theluthi zinapokutana.

Tia nyama kijiko kimoja cha chakula kilichojaa kiasi, uisukume taratibu kuelekea ncha bila kuishindilia, na uache upana wa kidole gumba juu pasipo kitu. Nafasi hiyo si ubahili kwa mlaji, bali ndiyo kitasa cha mlango. Kisha tazama midomo ya mfuko. Ikiwa ina chembe ya nyama au doa la mafuta, ifute kwa kitambaa kikavu, kwa kuwa gundi ya unga haishiki juu ya mafuta. Nilimwona wifi akiujaza mfuko kwa mkono uliojaa nyama, kisha kwa mkono ule ule anapaka gundi. Nikamwambia, "Mkono wa kulia ujaze, wa kushoto ushike manda, na gundi uipake kwa kijiti au kipande cha manda kilichokunjwa." Paka gundi ndani ya midomo, ibane ishikane, kisha uikunje midomo yote miwili kwa pamoja upande wenye tabaka mbili, paka gundi tena chini ya mkunjo huo, ubonyeze kutoka katikati kwenda pembeni. Pembe mbili za juu ndizo zinazosahauliwa, zibonyeze moja moja. Usiache hewa nyingi ndani, maana hewa nayo hutanuka ikipata moto.

Zilizokwisha kukunjwa zipangwe kwenye sinia lililonyunyiziwa unga kidogo sana, zisilaliane, mshono ukiwa chini ili uzito wa sambusa yenyewe uubane. Ziache robo saa gundi ikauke. Kabla ya kuzitia karaini zipanguse unga uliozidi, kwani unga huo ndio unaoanza kuungua na kuyatia mafuta weusi.

Tulibaki na lile la mafuta kulowanisha karatasi, ambalo ndilo lililomkasirisha zaidi mwenye duka. Wifi alikuwa akikaanga kwa moto mdogo kwa hofu ya kuunguza, akitia sambusa 12 kwa mara moja katika karai lenye lita moja ya mafuta. Hofu yake ilikuwa ndiyo adui. Mvuke unapotoka kwa nguvu huyazuia mafuta yasiingie, kama vile umati unaotoka mlangoni unavyomzuia anayetaka kuingia. Mafuta yakiwa ya vuguvugu, mvuke hutoka kinyonge na mafuta hupata njia. Na sambusa 12 za baridi zikiingia kwa pamoja, hata mafuta yaliyokuwa na moto sawasawa hupoa ghafla. Lita moja ipokee 5 au 6, zisizidi.

Joto linalofaa ni kama nyuzi 170 hadi 175, lakini ni nani kati yetu aliye na kipimo cha joto? Kipande kidogo cha manda kinatosha. Kitumbukize. Kikikaa chini kimya, mafuta bado. Kikizama kidogo kisha kikapanda taratibu kikizungukwa na povu ndogondogo, ndipo hapo. Kikiruka juu mara moja na kugeuka rangi kabla hujahesabu kumi, punguza moto na usubiri. Moto mkali nao una hasara yake, kwa kuwa manda hupata rangi nje kabla tabaka za ndani hazijakauka, na sambusa iliyotoka ngumu hulainika baada ya dakika chache tu.

Zitumbukize moja moja kwa kuziteremsha ukingoni mwa karai, usiziguse kwa nusu dakika mpaka mshono uive, kisha uanze kuzigeuza. Dakika 4 au 5 hutosha. Sikiliza tena, kama ulivyoisikiliza nyama. Mlio utakuwa mkubwa mwanzoni, kisha utapungua. Povu zikiwa chache na mlio ukitulia, maji ya manda yamekwisha, na rangi itakuwa ya dhahabu iliyokolea.

Kuna jambo moja ambalo wifi hakulitarajia, wala wapishi wengi hawalijui, kwamba sehemu kubwa ya mafuta huingia baada ya sambusa kutoka karaini. Inapopoa, mvuke uliobaki ndani ya manda husinyaa, ukayafyonza mafuta yaliyo juu ya ngozi yake. Kwa hiyo dakika ya kwanza nje ya moto ndiyo yenye thamani. Inua sambusa kwa kijiko cha matundu, itikise juu ya karai, kisha uisimamishe katika chujio la bati, ncha ikielekea chini, ili mafuta yateremke kwa uzito wake. Ukizilaza bapa juu ya sahani huketi ndani ya mafuta yao wenyewe na kuyanywa tena. Na ukizirundika ndani ya hotipoti zingali moto, mvuke wake utageuka maji chini ya kifuniko, na kazi yote ya karai itakuwa imebatilika. Wifi alikuwa akifanya hivyo ili zifike dukani na joto. Ziache kwanza kwenye chujio kwa dakika 10, kisha zipelekwe katika kapu lililofunikwa kwa kitambaa chepesi.

Na kwa idhini ya mhariri, niseme hili pia: tafadhali tusizifungie katika magazeti. Wino haufai kugusa chakula cha moto, na gazeti hili lina aya na majina matukufu ambayo hayastahili kulowa mafuta wala kutupwa jalalani. Karatasi nyeupe isiyoandikwa haina bei kubwa.

Siku ya Jumanne tulikunja pamoja, yeye 30 na mimi 18, akakaanga peke yake. Zilifunguka 3, zote mdomoni, na zote alizijua kuwa ni zile za mwanzo alizozipaka gundi kabla hajafuta mkono. Jumatano ilifunguka moja. Alhamisi hakuna. Ijumaa mwenye duka hakusema neno juu ya karatasi, akauliza tu kama angeweza kupata 60 kuanzia kumi la mwisho, kwa ajili ya wanaokaa itikafu.

Hapo likaja swali la muda, kwa sababu sambusa 60 haziwezi kukunjwa na mama mwenye watoto watatu kati ya Adhuhuri na Alasiri. Nikamshauri azikunje usiku na kuzigandisha. Zitandazwe kwanza kwenye sinia ndani ya friza mpaka ziwe ngumu, ndipo zitiwe mfukoni, vinginevyo zitashikana. Siku ya pili zikaangwe zikitoka tu katika baridi, bila kusubiri ziyeyuke, kwa maana zikiyeyuka manda hutota na gundi huachia. Zitiwe 4 tu kwa mara moja, kwani zinapoza mafuta zaidi, na ziongezewe dakika moja au mbili. Yale mafuta yakipoa yachujwe kwa kitambaa, chembe zitupwe, na yakianza kutoa povu lisilotulia au harufu kali yasirudishwe tena jikoni, hata kama moyo unauma kwa bei yake.

Vile vipande vya ukingo vilivyobaki wakati wa kukata manda kwa sahani, wifi alikuwa akivitupa. Sasa huvikaanga mwisho kabisa, dakika moja tu, akavinyunyizia chumvi na pilipili ya unga, na watoto wa kaka yangu huvigombania wakisubiri adhana ya Maghribi, kila mmoja akilinda fungu lake kwa macho.